Waliosema Asante

Boti ya serikali yetu ya wanafunzi ilikuwa na sifa moja mbaya, na sifa hiyo ilijulikana kuanzia kantini hadi vimbweta vya nyuma ya maktaba: haijui Kiswahili chetu. (Naiita boti kwa sababu ndivyo tunavyoiita wote, ingawa haijawahi kumvusha mtu kwenda Unguja.) Unaiandikia kwenye simu swali la mkopo, la hosteli au la usajili, nayo inatafuta kwenye kurasa kama 60 za maelezo zilizoandikwa na viongozi waliotutangulia, inachukua ukurasa unaokaribiana zaidi na swali lako, inakujibu. Ikiona hakuna ukurasa unaokaribiana vya kutosha, inaomba radhi kwamba haijakuelewa. Huo uombaji radhi ndio uliokuwa ukipigwa picha na kusambazwa kwenye magrupu.

Likizo ya kati ya semista iliyopita, kamati ilikuwa na pesa kidogo, watu watatu, na muda wa kurekebisha jambo moja tu kabla ya wanafunzi kurudi. Kwa waheshimiwa wengi jambo lenyewe lilikuwa wazi: tuifundishe boti lugha ya wanachuo. Mimi nasoma Takwimu mwaka wa tatu, nikaomba wiki moja kabla ya uamuzi. Sikuwa na hoja dhidi ya lugha. Nilichotaka ni kuona mazungumzo yenyewe, kwa sababu mpaka siku hiyo hakuna mtu kwenye kamati aliyekuwa amesoma hata ishirini. Wote tulikuwa tunajua picha za kwenye magrupu.

Wiki sita za semista ya kwanza zilikuwa zimeacha mazungumzo 2,100 kwenye kumbukumbu ya boti. Kati ya hayo, katika 300 boti iliomba radhi angalau mara moja. Yaliyobaki 1,800 yalihesabiwa kwenye ripoti ya kamati kuwa yamefanikiwa. Hapo ndipo palinipa mashaka ya kwanza. Boti ilikuwa inajisahihishia mtihani yenyewe: ikisema sijui, imefeli; ikisema chochote kingine, imefaulu. Mwanafunzi anayejibu swali lisiloulizwa kwa kujiamini naye angefaulu kwa kanuni hiyo.

Kwa hiyo hatukuchukua mazungumzo yaliyofeli peke yake. Tulichukua marundo mawili kwa bahati nasibu: 100 kutoka kwenye yale 300 ya kuomba radhi, tukaliita rundo la kelele, na 100 kutoka kwenye yale 1,800, tukaliita rundo la kimya. Kabla ya kusoma tulifuta namba za usajili, namba za simu na majina yote. Watu huandika mambo mazito kwa boti, tena usiku, na hakuna aliyetupa ruhusa ya kumjua ni nani.

Mwenzangu katika kazi hii anasoma Sosholojia, na ndiye aliyenizuia nisianze na orodha ya makosa kichwani. Kwao hili ni jambo la kawaida. Mwaka 1967 Barney Glaser na Anselm Strauss waliandika kitabu kuhusu namna ya kutoa nadharia kwenye data badala ya kuibandika juu yake, na tangu hapo wanafunzi wa fani yake hufundishwa kusoma mahojiano wakiandika vidokezo kwanza, makundi baadaye. "Ukianza na makundi yako," aliniambia, "utayakuta, hata kama hayapo." Tukakubaliana: kila mazungumzo yanapata sentensi moja ya kawaida inayoeleza kilichotokea. "Boti imekosea" ilipigwa marufuku, maana haisemi kitu. "Kauliza mwisho wa kusaini, kapewa tarehe ya semista iliyopita" inaruhusiwa.

Kazi hii inachosha kuliko inavyosikika. Mazungumzo mengi yana makosa matatu au manne yaliyobebana. Mfano mmoja ninaoukumbuka: mtu kaandika kwamba anataka kuposti mwaka, utaratibu ukoje. Boti haikulijua neno kuposti, ikampa ukurasa wa kubandika matangazo kwenye ubao. Akaandika tena kwa maneno mengine, boti ikachanganya swali la pili na la kwanza. Akauliza barua inapelekwa kwa nani, ikamjibu kuhusu barua za hosteli. Mwishoni akaitukana. Ukihesabu kila kosa hapo utapata manne, na tusi juu.

Tukaweka kanuni: weka alama pale uzi ulipokatika mara ya kwanza, acha yanayofuata. Sababu yake ni ya vitendo. Kama boti ingejua kwamba kuposti ni kuahirisha masomo, lile la pili, la tatu na la nne yasingetokea kabisa. Ukiyahesabu yote, kosa moja la mwanzo linajizalisha kwenye jedwali lako, na makosa ya mwisho wa mazungumzo yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Kanuni hii ina hasara yake, nayo ni kwamba inaficha kosa la pili ambalo lingebaki hata baada ya la kwanza kurekebishwa. Hilo hulioni mpaka urekebishe na kupima upya.

Tulipofika mazungumzo ya 70 hivi, vidokezo vilianza kujirudia. Yaliyofuata yote hadi 200 yalituletea aina mpya moja tu. Ndipo tukakata vikaratasi, tukavitandaza kwenye kimbweta na kuanza kuviweka pamoja, huku mmoja wetu akishika vitabu juu yake kwa sababu ya upepo.

Yalitoka makundi matano. La kwanza tuliliita Lugha: jibu lipo kwenye kurasa, ila boti haikuyatambua maneno ya muulizaji. La pili, Halipo: swali halina ukurasa. La tatu, Limepitwa: ukurasa upo, boti imeupata, ila habari yake ni ya zamani. La nne, Hakuuliza: swali lina majibu mawili kutegemea wewe ni nani, na boti imechagua moja bila kukuuliza. La tano, Uzi: swali la kwanza limejibiwa vizuri, la pili linalotegemea la kwanza limepotea.

Kuyapa majina ilikuwa rahisi. Kuyatumia sawasawa ilikuwa kazi nyingine. Kila mmoja alichukua mazungumzo yale yale 50 na kuyagawa bila kumwonyesha mwenzake. Tulilingana kwenye 31. Asilimia 62 si mbaya kwa macho, lakini watu wawili wanaobahatisha nao hulingana mara kadhaa. Jacob Cohen alipendekeza mwaka 1960 kipimo kinachoondoa sehemu hiyo ya kubahatisha, kinaitwa kapa. Kwa namna makundi yetu yalivyogawanyika, kubahatisha tu kungetupa karibu asilimia 30. Unatoa 30 kwenye 62 unapata 32, unagawa kwa 70 iliyobaki: 0.46. Maana yake jedwali letu lingebadilika sana kutegemea nani ameshika kalamu, na jedwali la namna hiyo halifai kuamulia pesa ya mtu.

Tukarudi kwenye yale 19 tuliyotofautiana. Mengi yalikuwa mpakani mwa Lugha na Halipo. Mtu kauliza kitu, boti imeomba radhi: ni kwa sababu haikumwelewa, au kwa sababu haina jibu? Kwa kutazama huwezi kujua. Lakini unaweza kujaribu. Andika swali lile lile kwa maneno rasmi ya kwenye kurasa, mpe boti. Ikijibu vizuri, kosa lilikuwa la lugha. Ikiomba radhi tena, fungua kurasa uhakikishe, na kama hakuna, ni Halipo. Dakika moja kwa kila swali, na ubishi unaisha. Tulipoandika majaribio ya namna hiyo kwa kila mpaka na kurudia kwa mazungumzo mengine 50, tulilingana kwenye 43. Kapa ikawa 0.80. Tukagawa yaliyobaki.

Sasa matokeo, na naomba uvumilie namba kidogo kwa sababu ndizo zilizobadilisha kikao.

Kwenye rundo la kelele, mazungumzo 8 hayakuwa makosa kabisa. Ni watu waliokuwa wakiitania boti, mmoja akiiomba namba ya simu, na boti ilifanya vema kukataa. Yaliyobaki 92 yalikuwa hivi: Lugha 51, Halipo 28, Uzi 9, Hakuuliza 4, Limepitwa sifuri. Ukiishia hapo waheshimiwa wako sahihi. Lugha imechukua zaidi ya nusu, kitu kingine hakisogei.

Kwenye rundo la kimya, lile la waliofaulu, mazungumzo 25 kati ya 100 yalikuwa yamefeli. Limepitwa 9, Hakuuliza 8, Halipo 3, Uzi 3, Lugha 2.

Marundo haya hayana uzito sawa. Mazungumzo 100 ya kelele yanawakilisha 300, kwa hiyo kila moja linasimama badala ya matatu. Mazungumzo 100 ya kimya yanawakilisha 1,800, kwa hiyo kila moja linasimama badala ya kumi na nane. Ukizidisha, kelele inakupa makosa kama 276 na kimya inakupa kama 450. Yaani makosa ambayo hayakupigwa picha yalikuwa mengi kuliko yaliyopigwa. Kwa makundi, Lugha inakuwa 189, Limepitwa 162, Hakuuliza 156, Halipo 138, Uzi 81. Limepitwa, ambalo kwenye rundo la kelele halikuwapo kabisa, sasa linapumua shingoni mwa Lugha.

Hapa kuna mtego ambao mtu wa Takwimu hana budi kuusema hata kama hajaulizwa. Zile 9 kati ya 100 ni namba ndogo. Ukichota 100 nyingine unaweza kupata 6 au 13. Kwa hesabu ya kawaida, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 5 na 16 kwa kila mia, na ukizidisha, Limepitwa linaweza kuwa 90 au linaweza kuwa 290. Kwa hiyo 189, 162 na 156 si mstari wa washindi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ni makundi matatu yanayokaribiana, basi. Yeyote atakayesimama kwenye kikao na kusema Lugha ni ya kwanza kwa sababu imezidi kwa 27 anasoma ukungu. Kuhesabu kulikuwa kumeshatupa kile kinachoweza kutupa: kuondoa Uzi kwenye mjadala, na kuonyesha kwamba Lugha haiko peke yake. Uamuzi ulibidi utoke kwingine.

Ulitoka kwenye kusoma tena yale 25 ya kimya, safari hii tukiuliza swali moja: mtu huyu akifanya kile alichoambiwa na boti, nini kitampata?

Nieleze moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, unaona kwa namna anavyouliza, kaandika: "Habari za saa hizi, samahani naomba kujua mwisho wa kusaini bumu ni lini, niko nyumbani msibani." Boti imeelewa vizuri kabisa. Imempa ukurasa sahihi wa kusaini fedha za mkopo, wenye tarehe ya mwisho: tarehe 28. Ukurasa haukutaja mwezi. Uliandikwa semista nyingine, na tangazo la semista hii, lililobandikwa ofisini, lilisema tarehe 21. Dada au kaka huyo akajibu: "Asante sana, Mungu awabariki." Mazungumzo yakafungwa, yakahesabiwa kati ya yaliyofaulu.

Asiyejua bumu asome hapa haraka: fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo zikifika chuoni unatakiwa kuzisaini ndani ya muda uliotangazwa. Usiposaini, fedha hurudishwa Bodi, na kuzifuatilia tena ni safari yenye vituo vingi. Huyu alikuwa msibani, akahesabu siku saba ambazo hazikuwapo.

Sijui kilichompata baadaye. Kumbukumbu ya boti inaishia kwenye asante, na majina tulishayafuta. Ndiyo maana swali letu lilikuwa nini kitampata akifuata jibu, si nini kilimpata. Kwa swali hilo tuliweka ngazi tatu. Ya kwanza ni usumbufu: ameudhika, atauliza kwingine. Ya pili ni siku iliyopotea: amesafiri, amepanga foleni, amekuta dirisha si lenyewe. Ya tatu ni hasara ya pesa au ya haki, kitu ambacho kesho hakirudi.

Kati ya makosa 53 ya Lugha kwenye marundo yote mawili, 47 yalikuwa ngazi ya kwanza na 6 ngazi ya pili. Ngazi ya tatu hakuna. Sababu yake iko kwenye kosa lenyewe. Boti ikiomba radhi, unajua hujasaidiwa. Unakasirika, unapiga picha, unatuma kwenye grupu, na dakika tano baadaye kiongozi wa darasa amekujibu. Hasira ile ni kinga. Kati ya 9 ya Limepitwa, 4 yalikuwa ngazi ya tatu. Kati ya 12 ya Hakuuliza, 2. Halipo na Uzi hayakuwa nayo.

Hayo mawili ya Hakuuliza nayo yana sura ya upole. Mmoja kaandika mkopo wake haujaingia, afanyeje. Kwa mwaka wa kwanza jibu linaweza kuwa kusubiri awamu inayofuata ya majina ya waliopangiwa mikopo. Kwa anayeendelea na masomo, kusubiri awamu hakuna maana. Pengine hajasaini, pengine matokeo yake hayajapelekwa. Boti ikampa jibu la mwaka wa kwanza. Muulizaji, aliyekuwa ametaja kozi ya mwaka wa pili mwanzoni kabisa mwa ujumbe, akajibu: "Sawa."

Hiyo "sawa" na ile "asante" tulizijadili sana. Nimeona mapendekezo ya kupima mazungumzo kwa kuangalia kama mtumiaji ameshukuru mwishoni. Kwetu hilo halifanyi kazi. Mtu aliyelelewa vizuri anashukuru akipewa jibu, liwe zuri au baya, na "sawa" ya Kiswahili inaweza kuwa nimeelewa, nimekata tamaa, au tuyaache. Kati ya yale 25 yaliyofeli kimyakimya, 17 yaliishia kwa asante au sawa.

Nilipopeleka haya kikaoni, Mheshimiwa Waziri wa Mikopo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kaka, wanafunzi wanalalamika lugha, wewe unaniletea kalenda?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini alikuwa amegusa ugumu halisi. Kiongozi anapimwa kwa malalamiko, na kundi nililokuwa nikilitetea halikuwa na mlalamikaji hata mmoja. Nikamsomea lile la msibani, neno kwa neno. Akaniuliza tarehe ya mwisho ilikuwa ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza, akaomba nirudie makundi yenye ngazi ya tatu.

Baada ya hapo mjadala ukawa wa gharama, na hapa kuna jambo moja kuhusu kuunda makundi ambalo ningependa mtu angenieleza mapema: kundi zuri ni lile lenye dawa moja. Limepitwa lilikuwa hivyo. Tulipozipitia kurasa zote, 14 zilikuwa na tarehe, na 9 kati ya hizo zilikuwa zimepitwa. Dawa ni kuipa kila kurasa ya namna hiyo siku ya mwisho wa matumizi. Siku ikipita, boti hairuhusiwi kuitumia. Inamwambia muulizaji aende au apige ofisi ya Wizara ya Mikopo, na inatuma taarifa kwa naibu waziri kwamba ukurasa fulani umekufa. Siku mbili za kazi, pesa hakuna.

Lugha halikuwa kundi lenye dawa moja. Tulipolifungua lilikatika vipande vitatu. Kipande kikubwa kabisa, 29 kati ya 53, hakikuwa na uhusiano na lugha ya vijana kama ilivyodhaniwa. Kurasa zilisema "namba ya kumbukumbu ya malipo" na hakuna binadamu kwenye kampasi hii anayesema hivyo. Tunasema kontroo namba. Zilisema "fedha za chakula na malazi", sisi ni bumu. "Mtihani wa marudio", sisi ni sapu. Hapo anayehitaji kufundishwa Kiswahili ni mwandishi wa kurasa. Jedwali la maneno kama 30, rasmi upande huu na ya kampasi upande ule, lingetosha. Kipande cha pili, 15, ni uandishi wa kwenye simu: cjapata kwa sijapata, 2naomba kwa tunaomba, w2 kwa watu. Hilo nalo lina kanuni zake, ila zinataka majaribio, maana 2 inaweza kuwa semista ya 2. Kipande cha tatu, 9, ni sentensi zilizochanganya Kiswahili na Kiingereza katikati ya neno, na hicho ndicho pekee kilichohitaji ile pesa iliyokuwa imetengwa kwa kundi zima.

Kikao kikaamua: Limepitwa kwanza, jedwali la maneno lifanywe na wa kujitolea pembeni, pesa isubiri Hakuuliza.

Wiki nne ndani ya semista ya pili tulichota tena kwa utaratibu ule ule, marundo mawili ya 100. Kwenye rundo la kimya Limepitwa lilikuwa 1 badala ya 9. Kwenye rundo la kelele lilizaliwa kundi ambalo halikuwapo: mazungumzo 11 ambapo boti ilikataa kutumia ukurasa uliokwisha muda ingawa habari yake ilikuwa bado sahihi, kwa sababu hakuna aliyesogeza tarehe. Na kwa ujumla boti sasa inaomba radhi zaidi. Awali ilikuwa 300 kati ya 2,100, yaani asilimia 14. Sasa ilikuwa 260 kati ya 1,300, asilimia 20. Ukiipima kwa picha za kwenye magrupu, tumeiharibu. Mheshimiwa Waziri amepigiwa simu nyingi na amezijibu mwenyewe, akieleza kwamba boti isiyojua tarehe ni bora iseme haijui.

Zile 11 zimepewa naibu wake. Kila Jumatatu asubuhi anafungua orodha ya kurasa zinazokwisha wiki hiyo, anapiga simu tatu nne, anasogeza tarehe au anafuta. Wiki iliyopita zilikuwa kurasa mbili.

Sisi tuko kwenye Hakuuliza. Wazo la awali lilikuwa boti iulize swali moja kabla ya kujibu lolote la mkopo au hosteli: wewe ni mwaka wa kwanza, au unaendelea? Tulijaribu kwa wanafunzi kumi kwenye kimbweta kile kile. Wanane walijibu bila shida. Wa tisa anarudia mwaka. Wa kumi alihama kutoka chuo kingine akiwa na mkopo wake, ameanza mwaka wa pili, lakini kwetu ni mgeni. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akauliza: "Mimi hapa nabonyeza wapi?"